Slaidi 34 kwa Dakika 15: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi Mmoja

Mwanafunzi ninayemzungumzia hapa nitamwita Rehema, ingawa si jina lake. Alikuwa akimalizia shahada ya uzamili katika kilimo, na utafiti wake ulihusu namna kaya za wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, zinavyohifadhi mahindi baada ya mavuno. Idara ilimpangia dakika 15 za kuwasilisha matokeo mbele ya jopo la walimu na wanafunzi wenzake, kisha dakika 10 za maswali, na wasilisho lilitakiwa kufanywa kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya vyuo vikuu vyetu. Mimi sikuwa msimamizi wake. Niliombwa tu kukaa naye kwenye jaribio la kwanza, siku tisa kabla ya siku yenyewe, kwa sababu wenzake walikuwa na hofu kwamba angezimia.

Siku ile alikuja na slaidi 34. Alisimama pembeni ya projekta, akaishika kompyuta mpakato kwa mkono wa kushoto kana kwamba ingetoroka, akaanza kusoma. Nasema kusoma kwa maana yake halisi, kwani kila slaidi ilikuwa na sentensi kamili tano au sita, na yeye alizifuata neno kwa neno huku mgongo wake ukizidi kutugeukia. Dakika ya 15 ilipotimia alikuwa kwenye slaidi ya 19, akieleza jinsi alivyochagua vijiji vya utafiti. Matokeo yalianza slaidi ya 22. Kwa maneno mengine, laiti siku ile ingekuwa ndiyo siku yenyewe na mwenyekiti akawa mtu wa kufuata saa, Rehema angeketi bila kutamka hata jambo moja alilolikuta Kongwa.

Tulimwacha amalize, na ikamchukua dakika 27.

Wengi waliokuwamo chumbani walihitimisha kwamba tatizo lake lilikuwa woga na kwamba dawa ya woga ni mazoezi. Mimi niliona mambo kwa namna nyingine kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeketi mahali ambapo niliweza kuwaona yeye na wasikilizaji kwa pamoja. Slaidi mpya ilipofunguka, kila mtu aliinua macho na kuisoma. Mtu husoma kimya kwa kasi kuliko mwenzake anavyosoma kwa sauti, kwa hiyo Rehema alipokuwa kwenye sentensi ya pili, wasikilizaji walikuwa wameshamaliza zote sita na hawakuwa na kazi tena. Wakainamia simu zao. Yeye akaona vichwa vimeinama, akadhani amewachosha, akaongeza kasi. Alipoongeza kasi alijikwaa kwenye neno, na kwa kuwa sentensi ilikuwa imeandikwa pale ukutani, kujikwaa kwake kulionekana na kila mtu, maana kulikuwa na toleo sahihi la kulinganisha. Hapo alirudi mwanzo wa sentensi, akaanza upya, na sauti ikapanda. Mzunguko huo ulijirudia karibu kila slaidi, na slaidi zilikuwa 34. Woga alikuja nao, ni kweli, lakini faili lake lilikuwa likiuchochea upya kabla hata dakika moja haijaisha.

Nilipomuuliza kwa nini ameandika sentensi nzima, jibu lake lilikuwa la haki kabisa. "Mwalimu, Kiingereza kikinipotea pale mbele, nitasema nini? Zile sentensi ndizo zinazonishikilia." Hili ni jambo ambalo washauri wengi wa mambo ya mawasilisho hulipita, kwa sababu ushauri wao umeandikwa na watu wanaowasilisha kwa lugha waliyoikulia. Kwa mwanafunzi wetu, maneno mengi kwenye slaidi si uvivu wala ushamba. Ni mkongojo, na huwezi kumnyang'anya mtu mkongojo bila kumpa kitu kingine cha kushika.

Hofu ya pili aliitamka kwa sauti ya chini zaidi, wenzake walipokwisha kutoka. "Wakiniona na slaidi chache, watasema sijafanya kazi." Nilimkumbusha kwamba tasnifu yake yenye kurasa zote ingekuwa mezani mwa jopo, na kwamba kazi hupimwa pale. Hakuonekana kushawishika, na nakiri kwamba hakuwa amekosea sana, kwani nimeshawahi kukaa na walimu wanaohesabu slaidi.

Tulikubaliana apunguze hadi 17. Nambari hiyo haikutoka kwenye kanuni yoyote. Dakika 15 ni sekunde 900, na ukizigawa kwa slaidi 34, kila moja inapata sekunde kama 26, muda ambao hautoshi hata kueleza grafu moja kwa mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Kwa slaidi 17 kila moja inapata kama sekunde 53. Hapo mtu anaweza kusema jambo, kunyamaza kidogo, na kulimalizia.

Alirudi kesho yake asubuhi na faili jipya, akanisalimia huku tayari anatabasamu. Slaidi zilikuwa 18. Nilipozifungua nikakuta ameunganisha mbilimbili na kupunguza ukubwa wa herufi, hivyo maneno yalikuwa yaleyale, ila sasa yamebanana kama abiria wa daladala ya jioni. Chache alizozifuta kweli zilitoka kwenye matokeo. Sura nzima ya mapitio ya maandiko, slaidi nne, ilikuwa imebaki bila kuguswa.

Nilimuuliza sababu ya kuyafuta matokeo, akafikiri kwa muda kabla ya kujibu kwamba mapitio ya maandiko anayajua kwa moyo na hakuna atakayebishana naye juu ya yale waliyosema watu wengine, lakini matokeo ni ya kwake na hapo ndipo atakapoulizwa. Jibu hilo lilinieleza kisa chote. Mtu mwenye hofu, akiambiwa apunguze, hufuta kile kinachomweka hatarini na kubakiza kinachomkinga, na kwa bahati mbaya kile kinachomweka hatarini ndicho wasikilizaji walichokuja kukisikia.

Safari hii hatukutumia kompyuta. Alichapisha slaidi zote 34 za awali, sita kwa kila karatasi, akazikata kwa mkasi na kuzitandaza mezani. Nilimwomba kwanza aniambie kwa Kiswahili, bila kuangalia karatasi, alikuta nini Kongwa. Alisema hivi, na niliandika alivyosema: kaya nyingi alizozitembelea zilikuwa na mifuko ya kinga njaa, mifuko ilikuwa mizuri, na bado mahindi yalikuwa yameliwa na wadudu, kwa sababu mfuko uleule uliofungwa kwa ajili ya kuhifadhi ndio uliofunguliwa kila baada ya siku chache kutoa mahindi ya kupeleka mashineni.

Kwa asiyeijua, mifuko hiyo ni ya tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani, na kiroba cha kawaida nje. Haina dawa yoyote. Ukiijaza mahindi makavu, ukaikamua hewa na kuifunga kila tabaka peke yake, wadudu waliomo ndani hutumia oksijeni iliyobaki hadi inapungua mno, wakaacha kula na hatimaye wakafa. Kila unapofungua unawaletea hewa mpya. Mdudu anayeogopwa zaidi katika maeneo hayo ni dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na ambaye alijulikana nchini kupitia Tabora kwenye miaka ya mwanzo ya 1980. Wakulima wengine humwita Skania, na aliyewahi kuona unga anaouacha ndani ya gunia hatauliza kwa nini amepewa jina la lori. Rehema alilieleza hili lote kwa dakika moja na nusu, bila kusita, mikono ikionyesha jinsi mdomo wa mfuko unavyosokotwa, unavyokunjwa na kufungwa kwa kamba. Yule msichana wa jana hakuwapo kabisa.

Basi tukaichukua kauli hiyo kuwa kipimo. Kwa kila kipande cha karatasi alijiuliza: kipande hiki kikiondoka, je, kuna mtu atakayeshindwa kuelewa au kuamini kwamba mifuko ilikuwa ikifunguliwa mno? Kama hakuna, kipande kinaondoka. Slaidi ya yaliyomo iliondoka, kwa kuwa inawaambia watu kwamba wasilisho lina utangulizi, mbinu na matokeo, jambo ambalo hawakuwa na shaka nalo. Za utangulizi zilikuwa sita zikabaki mbili, ya wadudu na ya mfuko. Tatu za malengo zikawa swali moja lililoandikwa kwa mstari mmoja. Mapitio ya maandiko yaliondoka yote manne, na hapo alishika kipande cha mwisho kwa muda mrefu kabla ya kukiweka kando. Mbinu zilishuka kutoka sita hadi tatu. Matokeo, yaliyokuwa tisa, yalipoteza moja tu. Orodha ya marejeo ikaondoka pamoja na ile slaidi ya shukrani yenye ua la waridi. Hitimisho likabaki na zake mbili. Ukihesabu pamoja na slaidi ya jina, unapata 17.

Kazi kubwa haikuwa kufuta bali kuzitengeneza upya zilizobaki, na mfano mmoja unatosha. Slaidi ya 24 ya awali ilikuwa jedwali lenye safu wima tisa na mistari 14, kwa herufi ndogo kiasi kwamba mimi, niliyekaa mstari wa pili, sikuweza kusoma hata kichwa chake. Rehema alikuwa amesema mbele yake "kama mnavyoona" mara tatu. Katika jedwali zima, kitu alichokitaka kilikuwa mistari miwili: kiasi cha punje zilizotobolewa katika mifuko iliyofunguliwa mara kwa mara, na kiasi hicho katika mifuko iliyoachwa imefungwa hadi zamu yake ilipofika. Mistari hiyo miwili ikawa nguzo mbili kwenye grafu, moja ndefu na moja fupi, na chini yake picha aliyoipiga mwenyewe ya mdomo wa mfuko uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Kuhusu maneno, hatukuyaondoa yote. Mwanasaikolojia wa elimu Richard Mayer wa Marekani ameonyesha katika majaribio yake kwamba watu huelewa vizuri zaidi wanapopewa picha na maelezo ya mdomo kuliko wanapoongezewa maneno yaleyale yakiwa yameandikwa, lakini yeye mwenyewe anakubali kwamba hali hubadilika pale msikilizaji anapofuata lugha isiyo yake, au pale maneno yanapokuwa machache na yamewekwa karibu na picha. Chumba kizima kingekuwa kinasikiliza Kiingereza cha kujifunza, kwa hiyo kila slaidi ilibaki na istilahi zake mbili au tatu, ili neno likimpotea Rehema alikute pale, na likimpita msikilizaji alione pale. Sentensi nzima ziliondoka, isipokuwa lile swali la utafiti.

Mkongojo mpya ulikuwa kadi ndogo za karatasi ngumu, moja kwa kila slaidi, na juu ya kila kadi sentensi moja tu: ile ya kufungulia slaidi. Sababu ni kwamba alikuwa akikwama mwanzoni mwa slaidi, si katikati. Akishaanza, maelezo yalikuja yenyewe, kwa makosa ya sarufi hapa na pale ambayo hakuna aliyeyajali kwa kuwa sasa hapakuwa na maandishi ya kuyalinganisha. Sentensi mbili za kwanza kabisa na moja ya mwisho alizihifadhi kichwani.

Jaribio la pili lilichukua dakika 13 na sekunde 40. Lilikuwa bora, lakini halikuwa zuri. Kulikuwa na vimya virefu, na mara mbili aligeukia ukuta kutafuta sentensi ambazo hazikuwapo tena. Aidha, tuligundua kosa letu. Kati ya slaidi za mbinu tulizozitoa ilikuwamo ile inayoonyesha jinsi alivyopima unyevu wa mahindi, na rafiki yake mmoja aliyekuja kusikiliza akauliza mara moja, "Da Rehema, sasa tutajuaje kwamba hayakuharibika kwa sababu yaliingizwa mabichi?" Swali lilikuwa sahihi kabisa. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, ambayo ndiyo kiwango cha juu kinachokubaliwa katika viwango vya Afrika Mashariki, yakifungiwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa hubaki na unyevu wake, na ukungu unaweza kuyaharibu hata kama wadudu wote wamekufa. Bila slaidi hiyo, hoja yake nzima ilikuwa na tundu. Tuliirudisha, na matokeo yakatoa slaidi moja iliyokuwa inarudia jambo lililokwisha kusemwa. Kwa hiyo kipimo chetu cha "mtu atashindwa kuamini" tulikuwa tumekitumia ovyo mahali pamoja, na asingekuwapo mtu wa nje tusingejua.

Slaidi zilizoondolewa hazikutupwa. Kumi na moja kati yake zilihamishiwa mwisho wa faili, baada ya slaidi ya kufungia, na Rehema aliandika namba zake kwenye kadi ya mwisho: 18 mapitio ya maandiko, 19 ramani ya vijiji, 21 uchaguzi wa kaya, na kuendelea. Katika PowerPoint, wasilisho likiwa linaendelea, ukibonyeza namba ya slaidi kisha Enter, unarukia pale moja kwa moja bila kupitisha slaidi nyingine zote mbele ya macho ya watu. Alilifanyia mazoezi jambo hilo peke yake mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na nadhani lilimtuliza kuliko ushauri wangu wote, kwa sababu sasa alijua kwamba kazi yake yote imo humo ndani, hatua mbili za vidole kutoka mahali aliposimama.

Kati ya jaribio la pili na siku yenyewe alirudia wasilisho lote mara saba. Hapa ni lazima niwe mwangalifu, kwa maana msomaji makini atauliza kama kilichomsaidia ni kupunguza slaidi au ni hayo mazoezi. Siwezi kuvitenganisha kabisa. Ninachojua ni kwamba lile faili la kwanza alikuwa amelirudia mara moja tu kabla ya kuja kwangu, tena bila kulimaliza, kwa sababu lilikuwa refu mno na lilimwacha akiwa na hofu zaidi. La pili lilirudiwa kwa sababu lilirudika.

Siku yenyewe mambo yalianza vibaya. Projekta ilikataa kuitambua kompyuta, fundi akaitwa, na mwenyekiti, akiwa na wanafunzi wengine wanne wa kusikiliza kabla ya chakula cha mchana, akamwambia Rehema ajitahidi kumaliza ndani ya dakika 12. Angekuwa na slaidi 34, hapo pangekuwa mwisho. Alisogeza kadi mbili nyuma ya nyingine, akaamua kuruka slaidi mbili, akaanza. Dakika ya kwanza sauti ilitetemeka, na glasi ya maji alipoirudisha mezani iligonga sahani yake kwa kelele. Alifika kwenye matokeo dakika ya tano. Kwenye zile nguzo mbili alinyamaza kidogo, na kwa mara ya kwanza niliona walimu wakitazama ukuta, kisha wakimtazama yeye, kisha wakiandika. Simu zilikuwapo mezani, hazikuinuliwa. Alipofika kwenye namna ya kufunga mdomo wa mfuko aliweka kadi chini na kuonyesha kwa mikono, kama alivyofanya siku ya mkasi.

Mtu wa kwanza kuuliza alitaka kujua jinsi kaya zilivyochaguliwa. Rehema akabonyeza 21, akabonyeza Enter, na slaidi ikafunguka. Mwenyekiti aliinua nyusi. Lakini slaidi haikumwokoa. Ilibainika kwamba kaya zote alizitembelea kwa kuelekezwa na ofisa ugani, ambaye kwa kawaida humpeleka mgeni kwa wakulima anaowaamini, na alipobanwa juu ya hilo jibu lake lilikuwa dhaifu. Hilo lilikuwa kosa la utafiti wenyewe, nalo lingejitokeza iwe slaidi ni 17 au 70. Tofauti ni kwamba muda wa kulijadili ulikuwapo, na jopo likamwelekeza aongeze kwenye tasnifu maelezo ya wazi kuhusu upungufu huo.

Nisingependa mtu achukue nusu kuwa kanuni. Mwalimu ambaye slaidi zake ndizo daftari la wanafunzi hawezi kuzikata hivyo bila kuwapa maandishi mengine, na nimemwona mtaalamu wa ndege akipitisha picha 40 kwa dakika 15 bila kumchosha mtu, kwa kuwa kila picha ilihitaji sentensi moja. Kwa Rehema, nusu ilifaa kwa sababu zaidi ya nusu ya faili lake ilikuwa ikieleza mambo yaliyotangulia matokeo yake.

Mwezi mmoja baadaye alialikwa kueleza kazi hiyohiyo katika mkutano mdogo, kwa dakika nane. Safari hii hakuniomba nikae naye. Alinitumia tu faili, slaidi tisa, na ujumbe mfupi wa kuniuliza kama kuna lolote. Nilimjibu kwamba lipo moja. Slaidi ya unyevu ameitoa tena.